Foleni ya Choo cha Saba

Jumatatu asubuhi Meneja aliweka karatasi mbili juu ya meza yake, akazisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka zikamfikia Fundi. Fundi alikuwa amesimama, kofia mkononi, kwa sababu viti vya ofisi ile vilikuwa vya kitambaa cheupe na suruali yake ilikuwa na grisi.

Karatasi ya kwanza aliitambua kabla hajaisoma. Ilikuwa ya mkono wake mwenyewe. Wiki mbili nyuma alikuwa ameiandika akiwa amesimama, kaegemea cherehani bovu, amechoka kuitwa vyooni: "Vyoo vya wafanyakazi ni vipya na vizima. Tatizo ni matumizi." Chini yake aliweka sahihi yenye mkia mrefu.

Karatasi ya pili ilikuwa imepigwa chapa vizuri na haikuwa na sahihi bado. Ilisema kwamba mhudumu wa vyoo, kwa kushindwa kusimamia matumizi na usafi, kazi yake itakoma, na kampuni ya usafi kutoka nje itachukua nafasi.

"Kama tatizo ni matumizi," Meneja alisema, "basi mwenye kusimamia matumizi ndiye mwenye makosa. Wewe ndiye uliyesema, mimi nimefuata tu. Nitatia sahihi Ijumaa mchana."

"Mama Zamu?" Fundi aliuliza, kana kwamba kiwanda kile kilikuwa na wahudumu wa vyoo kumi.

"Yuko mwingine?"

Fundi alitoka. Hakuwa amemtaja mtu. Aliandika maneno mawili matatu ili aachwe arudi kwenye boila yake ya mvuke, sasa maneno hayo yamegeuka kisu, na kisu kimeelekezwa kwa mama mwenye umri wa mama yake mzazi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kushona sare. Wanawake karibu mia mbili walikaa kwenye laini nane za vyerehani chini ya taa ndefu, na nyuma kulikuwa na chumba cha pasi za mvuke. Vyoo vya wanawake vilikuwa saba, mwisho wa korido, kila kimoja na mlango wake wa kijani. Sita kati ya hivyo vilikuwa na mabakuli mapya, na mabakuli hayo Fundi aliyachagua mwenyewe.

Alivyoyapenda! Alikuwa amesoma maelezo yake mpaka akayajua kama shairi. Vilikuwa vyoo vya saifoni, au kama alivyozoea kuviita, vyoo vya kuvuta. Bakuli lake lilikuwa na maji mengi, mapana kama sahani kubwa, na ubavuni lilikuwa na koo refu jembamba lililojipinda kama nyoka ndani ya udongo mweupe. Ukiflashi, maji yanaingia kwa kasi, yanajaza koo lote, yanafukuza hewa. Hewa ikishatoka, maji yanayoshuka upande wa pili yanayavuta yaliyo nyuma, na bakuli zima linanyonywa kimya kimya. Mwishoni hewa inaingia, kinasikika kishindo kidogo cha koo, gluu, halafu maji safi yanajaa tena. Hakuna kelele, hakuna alama ukutani. Siku ya Jumapili alipomaliza kuvifunga alivijaribu vyote, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilimeza kama mfalme anywaye supu. Alicheka peke yake mle ndani.

Boksi la saba lilifika na bakuli lililopasuka. Kwa hiyo choo cha mwisho koridoni kilibaki na bakuli la zamani, choo cha kusukuma, kinene, kifupi, chenye kidimbwi kidogo cha maji na tundu pana. Hicho hakivuti kitu. Maji yanaporomoka tu kutoka ukingoni, yanausukuma mzigo, yanaurusha juu ya kizingiti, basi. Kina kelele kama mlango wa lori. Fundi alikuwa anakionea haya, na mgeni akija alisimama mbele ya mlango wake kuuficha.

*

Jioni ile, mkewe alikuwa anakatakata vitunguu huku mapacha wakigombania kifutio mezani. Mama Pacha alikuwa mshonaji wa laini ya tatu, mifuko ya mashati. Fundi alimsimulia habari ya zile karatasi mbili, akitegemea kupewa pole.

Kisu kilisimama.

"Kwa hiyo Mama Zamu anafukuzwa kwa maandishi yako."

"Sikumtaja."

"Baba Pacha, usiniletee hesabu za wanasheria. Umeandika tatizo ni matumizi. Sisi ndio tunaotumia. Mimi ninatumia. Unadhani natupa nini mle, mashati?"

"Meneja anasema mnatupa vitambaa."

"Muulize Mama Zamu kama amewahi kutoa kitambaa. Karatasi tupu! Karatasi zile zile mlizotuwekea." Alifuta macho kwa kiwiko, vitunguu vilikuwa vikali, lakini Fundi hakuwa na hakika ni vitunguu peke yake. "Unajua kwa nini sinywi kitu asubuhi? Unadhani nafunga?"

Fundi alikumbuka. Kweli, miezi hii miwili mkewe alikuwa akimimina chai, akionja, akiiacha.

"Mapumziko ni robo saa. Ukinywa, utaenda. Ukienda, utakuta foleni. Ukiingia, yule wa kabla yako ameflashi na kitu kiko pale pale kinazunguka kama boti. Unaflashi, kinazunguka. Unasubiri tangi lijae. Huku nje wanagonga mlango. Kengele inalia hujafanya lolote. Basi najibana mpaka saa saba. Daktari wa zahanati ameshaniuliza mara mbili kuhusu kibofu."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa nakuona unavyovisifia. Ungedhani umezaa pacha wengine."

Mapacha walicheka bila kujua wanachocheka.

*

Jumanne, dakika tano kabla ya saa nne, alikwenda koridoni na daftari, saa ya mkononi na ndoo iliyochorwa alama za lita. Mama Zamu alikuwa ameshajipanga. Alikuwa mfupi, mwenye kilemba kilichofungwa kwa nguvu na viatu vya mpira, na mlangoni alikuwa na ndoo nne zimejaa maji, kama askari wa zimamoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kutuhesabu, mwanangu? Hesabu. Lakini simama pale ukutani, njia hii ni nyembamba."

Hakuwa na kinyongo usoni. Hilo ndilo lililomchoma Fundi zaidi, maana ilikuwa wazi bado hajaambiwa.

Kengele ililia. Wanawake walitoka kwenye laini kama maji ya bomba lililopasuka, na Mama Zamu akaanza kazi yake. Fundi alikuwa amepita pale mara mia moja na hajawahi kuiona. Aliwatazama nyusoni mara moja tu, akawagawa.

"Wewe, namba mbili. Wewe nne. Wewe una shughuli nzito, nenda saba."

"Mama Zamu jamani, usinitangaze!"

"Nisipokutangaza mimi, kitakutangaza choo. Saba!"

Mshonaji mmoja mwenye sauti ya kengele, waliyemwita Redio, alikuwa wa nne kwenye foleni ya choo cha saba. "Fundi!" alipaza sauti. "Umekuja kuona watoto wako? Hao sita ni wazuri wa sura, lakini hawana nguvu za kiume!"

Korido nzima iliangua kicheko. Fundi naye alicheka, kwa shida, akaandika. Aliandika kwamba mbele ya kila choo kipya walisimama watu wawili au watatu, na mbele ya kile cha zamani, kile cha kuonewa haya, walisimama tisa.

Baada ya dakika chache aliacha kuandika, akamtazama Mama Zamu tu. Mama yule alikuwa akisikiliza. Kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikia mtoto akilia nyumba ya pili. Ndani ya choo cha tatu mtu aliflashi. Maji yalizunguka, yakanyamaza.

"Cha tatu hakikumeza," alisema, na kabla mlango haujafunguliwa alikuwa ameshanyanyua ndoo.

"Umejuaje?"

"Kikimeza kinagugumia mwishoni. Hicho kimezungusha tu." Mlango ulifunguka, akaingia, akainua ndoo mpaka kifuani, akaimwaga yote kwa mkupuo mmoja katikati ya bakuli. Gluu. Kilimeza. "Hawa wapya wanataka ndoo kamili, na uimwage kwa hasira. Ukimimina polepole kama unanywesha maua, maji yanapita pembeni na mzigo unakutazama. Yule wa saba nusu ndoo inamtosha. Cha tano! Cha tano nacho kimegoma."

Akaenda cha tano. Katika robo saa ile aliokoa vyoo mara kumi na moja. Hakuna hata mara moja aliposikia vibaya.

Kengele ilipolia tena, wanawake wasiopungua ishirini walirudi kwenye vyerehani bila kuingia. Mkewe Fundi alikuwa mmoja wao. Alipita mbele yake bila kusema kitu, akamkonyeza Mama Zamu.

Fundi alifungua kifuniko cha tangi la choo cha tatu, akaflashi, akaitazama saa yake. Maji yalirudi kwa uzi mwembamba, kama yanaomba ruhusa. Mapumziko ndiyo kwanza yameisha, matangi yote saba yalikuwa yakijaa kwa wakati mmoja, na chumba cha pasi kilikuwa kikijaza boila kutoka tangi lile lile la paani linalolisha vyoo. Lita moja kwa dakika. Tangi la choo ni la lita sita. Dakika sita.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga hesabu. Choo cha kuvuta kinataka lita zake sita zote. Kikipewa nne, koo refu halijai, hewa inabaki ndani, na penye hewa hakuna mvuto. Maji yanachuruzika juu ya kizingiti, na mzigo unabaki. Mbaya zaidi, zile nne zimeshapotea, na anayefuata anaanza kusubiri upya. Hata watu wote wangekuwa na subira ya malaika, robo saa inatoa mara tatu tu kwa kila choo, ishirini na moja kwa vyote saba.

Na yeye alivijaribu siku gani? Jumapili. Kiwanda kimefungwa, boila imelala, tangi la paani limejaa pomoni, na alikwenda kimoja kimoja, kwa starehe, kama mtu anayeonja mchuzi. Jaribio lilikuwa sahihi kabisa. Lilikuwa sahihi kwa Jumapili.

"Umeng'amua?" Mama Zamu alimuuliza. Alikuwa akijaza ndoo zake upya kwenye bomba la ukutani.

"Mama, kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Nilikuambia. Nikakwambia wapya wanachagua chakula. Ukasema nitawazoea." Alifunga bomba. "Na kweli kuna jambo nililipenda kwao. Hawachafuki. Yule wa saba kila akimeza anaacha mkwaruzo nyuma, lazima nipige brashi. Hawa sita ni kupangusa tu. Mgongo wangu unawapenda sana. Lakini hakuna aliyeniajiri kwa ajili ya mgongo wangu."

Ndipo Fundi akamwambia habari ya barua. Alimwambia yote, pamoja na sahihi yenye mkia mrefu. Mama Zamu alimsikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya bomba.

"Ijumaa," alisema.

"Ijumaa mchana."

"Basi usikae juu ya ndoo yangu, mwanangu. Una siku tatu tu."

*

Jumatano Fundi alihamisha ujazaji wa boila uwe alfajiri, kabla ya zamu kuingia. Mtiririko uliongezeka kidogo, ukafika lita moja na robo. Haukutosha. Maji ya mji yalikuja siku tatu kwa wiki, na hakuna fundi wa kuyaongeza kwa spana.

Jioni alimwomba mkewe akande unga.

"Unga wa nini?"

"Vipande vinne, virefu hivi, unene wa kidole gumba. Viwe vigumu kidogo."

Mama Pacha alimwangalia, akaelewa, akashikilia meza kwa kicheko. "Baba Pacha! Miaka kumi na mbili ya ndoa nimekukandia kila kitu. Leo unataka nikukandie na hicho!"

Lakini alikanda. Alikanda vizuri, akavipima kwa jicho la mtu anayekata mifuko iliyo sawa kila siku, akavifunga kwenye kitambaa chenye unyevu visikauke. Akakanda na vingine vinane, "maana Meneja atataka kurudia, namjua."

Alhamisi saa tatu na nusu, Meneja alisimama koridoni, viatu vyake vyeusi vikikwepa unyevu. Mama Zamu alikuwa nyuma yake na ndoo.

"Dakika kumi," Meneja alisema. "Nina wageni."

Fundi alifunga maji ya choo cha tatu na cha saba kwa valvu za chini, ili mabomba yasiongeze tone, akayamwaga matangi yote mawili. Kwanza akajaza tangi la cha tatu lita sita kamili. Akaweka vipande vinne vya unga na karatasi kumi na mbili zilizokunjwa ovyo, akaflashi. Bakuli lilinyonywa kimya, likagugumia, likabaki jeupe kama jino.

"Ona," Meneja alisema. "Kinafanya kazi. Tena kizuri."

"Ni kizuri sana, Meneja. Sijaona choo kizuri kama hicho maisha yangu. Sasa tukipe maji ya saa nne na dakika kumi."

Akapima lita nne kwa ndoo, mbele ya macho yake, akazimimina tangini. Unga, karatasi, flashi. Maji yalipanda, yakazunguka, karatasi zikacheza duara, na vipande vya unga vikalala chini kama mamba juani. Hakuna kilichogugumia.

"Rudia," Meneja alisema.

Akarudia. Safari hii karatasi mbili ziliingia mdomoni mwa koo zikakwama, na maji yakabaki juu, yakishuka kidogo kidogo.

"Hapo ndipo kuziba kunapoanzia," Fundi alisema. "Koo lake halipitishi kitu kinene kuliko vidole viwili vyangu vikiwa pamoja. Nusu ya mzigo inaingia, haivutwi, anayefuata anaongeza. Hakuna kitambaa. Muulize Mama Zamu."

"Miezi miwili, hakuna kitambaa hata kimoja," Mama Zamu alisema. "Nimetoa karatasi, na mara moja kifungo."

Wakahamia cha saba. Tangi lake nalo ni la lita sita. Fundi alitia nne tu. Unga, karatasi, flashi. Maji yaliporomoka kwa kishindo, yakagonga, yakasukuma, na kabla Meneja hajasogea nyuma bakuli lilikuwa tupu. Kidimbwi kidogo kilitulia chini, kimefunika tundu kama inavyotakiwa ili harufu isipande.

Fundi alitia lita tatu, na karatasi peke yake, maana wengi huingia kwa haja ndogo. Zikaenda. Akatazama kidimbwi, kilikuwa kimejaa vile vile. Moyoni akakivulia kofia kile choo kinene. Hakikudai tangi lijae wala hakikununa. Kilichukua kilichopo kikafanya kazi.

Lakini Meneja alikuwa ameinama. "Na hii?" Ukutani kwa nyuma, pale unga ulipoangukia pakavu, palikuwa na mstari wa rangi ya kijivu. "Hiki ni kichafu. Kile cha tatu hakikuacha hata doa."

Fundi alifungua mdomo. Mama Zamu alimtangulia.

"Hicho kina kidimbwi kidogo, Meneja, kwa hiyo vitu vinagusa ukuta. Hilo doa ni langu." Alitoa brashi kwenye kopo, akapiga mara mbili, na mstari ukatoweka. "Doa nalifuta kwa brashi. Mzigo uliogoma siwezi kuufuta kwa brashi. Nikiwa na vyoo saba kama hiki nitasugua mara saba zaidi, nami niko tayari. Nikiwa na sita kama vile, nitabeba ndoo mpaka nife, na washonaji wako watarudi kwenye mashine bila kuingia."

"Tunaweza kuweka chupa ya mchanga kwenye matangi," Meneja alisema, akitafuta njia ya katikati. "Nilisoma mahali. Maji yanapungua."

"Ukiweka chupa kwenye hivi vya kuvuta," Fundi alisema, "hata lita sita havitapata. Vitagoma siku nzima badala ya robo saa. Kila mtu ataflashi mara tatu, na maji utakayotumia ni mengi kuliko sasa."

Fundi alijua wakati umefika.

"Ile karatasi yangu niliandika uongo, Meneja. Si kwa kukusudia, lakini ni uongo. Vyoo ni vizima, ndiyo. Matumizi nayo ni mazima. Kilichokosewa ni kuchagua, na aliyechagua ni mimi. Nilivijaribu Jumapili maji yakiwa tele, nikavipenda, nikaacha kufikiri. Mama huyu ndiye aliyefanya vionekane vinafanya kazi. Angeugua siku mbili tu, kiwanda kingefungwa." Akatoa karatasi mfukoni. "Nimeandika nyingine. Nimetia sahihi."

Meneja aliisoma yote akiwa amesimama. Ilikuwa na hesabu ya robo saa, kwa lita moja kwa dakika: mara ishirini na moja kwa vile vya kuvuta, tena kama hakuna anayekosea, thelathini na tano kwa vile vya kusukuma, kwa haja ndogo na lita tatu.

"Mabakuli ya zamani yako wapi?"

"Nyuma ya boila. Yote sita, mazima. Tundu la sakafuni ni umbali ule ule kutoka ukutani. Nipe Jumamosi na Jumapili na pete mpya za kuziba."

"Na hawa wapya wako?"

"Viwili vije juu, kwenye ofisi. Watu nane, tangi lenu wenyewe, halipungui. Huko vitakaa kama wafalme. Vingine vibaki stoo, vitapata mahali pake."

Meneja alikunja ile karatasi. "Barua sitatia sahihi kesho. Wala sitaichana. Jumatatu saa nne nitasimama hapa kwa macho yangu. Foleni ikibaki pale pale, kampuni inakuja Jumanne."

*

Fundi alifanya kazi siku mbili akiwa amepiga magoti. Aling'oa wafalme wake mmoja mmoja, kwa upole, akiwafunga kwa magunia ya vitambaa vilivyokatwa. Aliposhika kile cha tatu alikigeuza kwenye nuru ya dirisha, akafuata kwa kidole lile koo lililojipinda ubavuni. Mtu aliyebuni kitu kile, aliwaza, alielewa maji kama mwalimu anavyomwelewa mtoto mtundu. Hakukuwa na aibu ya kukipenda.

Halafu alibeba vile vinene. Alipima kila kimoja kwa pima maji, akaweka pete, akakaza nati zamu kwa zamu, kushoto na kulia, udongo usije ukapasuka. Na safari hii hakujaribu kimoja kimoja. Jumapili jioni alimleta mkewe, Redio, na wanawake wengine wanne wa mtaani, akafungua bomba la chumba cha pasi limwagike makusudi ndani ya mapipa, akasema: "Tieni karatasi, flashini wote, kila baada ya dakika tatu, mpaka niseme basi."

"Hii ndiyo sherehe uliyotualikia?" Redio aliuliza kutoka nyuma ya mlango wa nne.

"Flashi!"

Vilinguruma vyote saba, Mama Zamu mwenyewe akiwa amekishika cha saba. Dakika tatu. Vikanguruma tena. Kwenye mzunguko wa tano Fundi alikuwa na jasho mpaka kwenye nyusi, na hakuna bakuli lililobakiza hata karatasi moja.

Jumatatu saa nne kengele ililia. Meneja alisimama pale pale ukutani alipokuwa amesimama Fundi. Alikuwa amepanga jambo moja kwa akili yake mwenyewe: laini nne zilitoka kengele ilipolia, na nne zingine zingetoka baada ya dakika ishirini. Fundi alipolisikia alitamani angelifikiria yeye.

Mama Zamu alijaza ndoo nne kama kawaida. Akawagawa watu kama kawaida, ila hakuna aliyepelekwa saba kwa nguvu, maana sasa vyote vilikuwa kama cha saba. Milango ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka. Kelele ilikuwa kubwa mno. Meneja aliziba sikio moja. Mama Zamu aliinamisha kichwa akisikiliza, na Fundi alimtazama uso wake badala ya kutazama milango. Dakika ya nane. Uso ule haukushtuka. Dakika ya kumi na moja, mtu wa mwisho kwenye foleni aliingia choo cha pili, akatoka, akanawa. Korido ikawa tupu, zimebaki dakika tatu na zaidi. Wanawake walisimama mlangoni wakipiga soga, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana pale kwa miezi miwili.

Ndoo zote nne zilikuwa bado zimejaa.

Meneja alichungulia choo cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Madoa," alisema.

"Yapo," Mama Zamu alikubali. "Matano. Cha pili na cha sita ni safi."

Meneja alihesabu mwenyewe. Yalikuwa matano. Alimwangalia mama yule kwa muda, kama mtu aliyekuwa akipita mbele ya duka kila siku na leo tu amesoma ubao wake. Akafungua mkoba, akatoa ile barua iliyopigwa chapa vizuri, akaichana mara mbili.

"Kampuni nitaiambia isije. Unahitaji nini, mama?"

"Brashi saba, ngumu, zenye mpini mrefu. Si zile za rangirangi mlizoleta mwaka jana, zile zilikuwa za watoto kuchezea. Na glavu zinazofika kiwikoni. Na huyu," alimnyooshea Fundi kidole, "kila akitaka kubadilisha kitu humu ndani aniulize mimi kwanza, siku ya kazi, saa nne."

"Umesikia?" Meneja alimuuliza Fundi.

"Nimesikia."

"Basi toka," Mama Zamu alimwambia, ameshainama na brashi kwenye choo cha kwanza. "Una grisi viatuni na laini nne zinakuja."